Spika 24 za zawadi: hesabu ya stoki uiandike wapi?

"Wahi, stoki ni chache." Mteja wa Darajani amekwisha kuyasikia maneno haya mwaka mzima, na duka lile lile bado linauza. Kinachomfanya aamue leo ni idadi kamili. Lakini idadi iliyopitwa na wakati ni uongo, hata kama ilikuwa kweli jana.

Tuseme una spika ndogo 24 za bluutuuthi. Mbili ziweke kando za kubadilishia, kwa sababu ubovu wa zawadi hugundulika siku inapofunguliwa, na aliyepewa anataka spika, si fedha ambazo hakuzitoa yeye. Sita zitenge kwa ajili ya Pemba. Za Unguja, mjini na shamba, zinabaki 16. Tangazo liwe hivi:

"Zawadi ya mwisho wa mwaka: spika ya bluutuuthi, inapiga saa 8 kwa chaji moja. Waya wa chaji umo, kichwa cha chaji hakimo. Sh 65,000, tunakufungia bure. Pemba, mwisho wa oda ni tarehe 20 Disemba, saa 10 jioni. Iliyolipiwa ndiyo iliyohesabiwa."

Hakuna idadi humo, na ni kwa makusudi. Ujumbe wa WhatsApp ukishatumwa unaweza kuurekebisha ndani ya dakika 15 tu, na maandishi yaliyochorwa juu ya picha ya Instagram hayabadiliki kabisa. Idadi iandike kwenye maelezo yaliyo chini ya picha, ambayo unaweza kuyahariri kila siku, na kwenye stetasi, ambayo hufutika yenyewe baada ya saa 24. Iandike pamoja na muda wake: "Zimebaki 9 Unguja, 4 Pemba, leo saa 3 asubuhi." Kwenye ujumbe wa watu wengi ongeza tu: "Hesabu ya leo iko stetasi."

Tarehe ya Pemba usiisogeze mbele ili kuuza zaidi. Disemba kaskazi inaanza kuvuma, na safari ya boti ikiahirishwa, zawadi inafika shughuli imekwisha. Acha angalau siku mbili za akiba.

Zikibaki tatu, badilisha maneno: "Uliza kwanza, ujibiwe, ndipo ulipe." Hapa ndipo watu wawili hulipia spika moja, hasa pale simu inayopokea fedha inapokuwa kwa mmoja na anayejibu wateja ni mwingine. Kumrudishia mtu fedha usiku wa tarehe 24 hakumpatii zawadi.

Muda wa Pemba ukipita na spika nne hazijachukuliwa, zirudishe Unguja, lakini eleza. Mteja aliyeona "imebaki 1" asubuhi kisha "zimebaki 5" jioni ataamini umemdanganya. Andika: "Nne za Pemba hazikuchukuliwa, sasa Unguja ziko 5."