Maswali na majibu: inboksi ya wateja, namba za wiki na meseji iliyosahaulika

"Tunauza vifaa vya sola, wateja wanatuandikia kwa imeili na WhatsApp. Ripoti inasema wastani wetu wa kujibu ni dakika 26, mbona watu bado wanalalamika kwamba hatujibu?"

Kwa sababu hao wanaolalamika hawamo kwenye hizo dakika 26. Meseji ambayo haijajibiwa haina muda wa kujibiwa, kwa hiyo hesabu inairuka, ndo hivyo tu, hakuna uchawi.

Chukua wiki yenye meseji kumi, kumi tu ili tuelewane. Nane zimejibiwa, na wateja wamesubiri dakika 10, 12, 15, 20, 25, 30, 40 na 55. Jumla dakika 207, gawa kwa nane unapata 26 kasoro kidogo hivi, bosi anatabasamu. Mbili zilizobaki hakuna aliyezigusa, moja ina siku 6 na nyingine siku 11, na hiyo ya siku 11 ni ya mtu ambaye ameshalipa na inveta imemfia mkononi. Kwenye ripoti hayupo, kwa mujibu wa namba zenu huyo mtu hajazaliwa.

Sasa sikiliza kinachoniudhi zaidi. Kijana wenu wa huduma kwa wateja akiamka leo na moyo safi akawajibu wale wawili, siku 6 ni dakika 8,640 na siku 11 ni dakika 15,840, ukijumlisha na zile 207 ukagawa kwa kumi unapata dakika 2,469, yaani saa 41! Kafanya kazi nzuri kuliko yote ya wiki na ripoti inasema kaharibu. Unadhani wiki ijayo atazigusa za zamani? Hatazigusa, ataziacha zioze, na mtakuwa mmemfundisha nyie wenyewe.

Dawa yake ni mbili na zinakwenda pamoja. Kwanza acheni wastani, zipangeni meseji zote kumi kuanzia iliyojibiwa haraka mpaka iliyochelewa kuliko zote, zile ambazo hazijajibiwa mnazihesabu kama zimesubiri mpaka sasa hivi, halafu mchukue ya katikati. Zikiwa kumi ya katikati ni kati ya ya tano na ya sita, yaani kati ya 25 na 30, dakika 27 na nusu. Wale wawili wajibiwe wasijibiwe, inabaki 27 na nusu, kwa hiyo hakuna anayeadhibiwa kwa kujibu. Pili, kwa kuwa hiyo ya katikati nayo haimwoni mtu wa siku 11 (ndiyo, nayo ina upofu wake), andikeni pembeni yake umri wa meseji ya zamani kuliko zote ambayo haijajibiwa. Hapo bosi anasoma "dakika 27 na nusu, na kuna mtu ana siku 11" halafu tuone kama atatabasamu.

"Ile meseji ya otomatiki ya 'Tumepokea ujumbe wako' inahesabika kama jibu la kwanza?"

Hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi mpaka nimechoka. Jibu la kwanza ni la mtu aliyesoma swali. Na wajanja wa "Habari, tunafuatilia" ya kunakili na kubandika, nyie pia nawaona, hiyo ni otomatiki yenye mikono.

"Tupime saa za kazi tu au saa zote 24?"

Mteja anasubiri kwa saa za ukutani. Ukianza kutoa usiku, Jumapili na Idd, namba inakuwa nzuri sana na inaacha kufanana na maisha ya yule anayesubiri. Kama ofisi inafungwa wikiendi na unaona unaonewa, gawa makundi mawili, zilizoingia muda wa kazi na zilizoingia nje ya muda wa kazi, kila moja na ya katikati yake. Ila umri wa meseji ya zamani kuliko zote hauna mjadala, huo ni saa za ukutani tu, siku 11 ni siku 11.

"Hatuna hela ya mfumo, tunatumia Google Sheets. Naomba fomula."

Safu A ni tarehe na saa meseji ilipoingia, safu B ni tarehe na saa mtu alipojibu, kama hajajibu acha wazi, usiweke kistari wala "bado". F1 weka tarehe ya Jumatatu ya wiki unayoipima. Ya katikati:

```
=ARRAYFORMULA(MEDIAN(FILTER(IF(B2:B="",NOW(),B2:B)-A2:A, A2:A>=F1, A2:A<F1+7)))
```

Umri wa ya zamani kuliko zote:

```
=NOW()-MIN(FILTER(A2:A, A2:A<>"", B2:B=""))
```

Hizo seli ziweke kwenye fomati ya `Duration` la sivyo utaona desimali za ajabu. Ya pili ikikupa `#N/A` maana yake hakuna meseji inayosubiri, furahi, lakini kabla hujafurahi hakikisha kuna mtu anaingiza meseji humo. Na unaona fomula ya kwanza inapanga meseji kwa wiki zilipoingia, si wiki zilipojibiwa. Hiyo ni makusudi, msije mkanibadilishia.

Sasa onyo ambalo hukuliomba. Nenda `File`, `Settings`, angalia `Locale` na `Time zone`. Shiti nyingi nilizotumiwa ziko kwenye mpangilio wa Marekani, unaandika 5/11 ukimaanisha tarehe 5 Novemba yenyewe inaelewa Mei 11, ukiandika 13/11 haielewi kabisa inaiacha kama maneno, kwa hiyo nusu ya mwezi tarehe zimegeuzwa na nusu nyingine hazihesabiki, na `Time zone` ikiwa ya huko kwao basi NOW() iko nyuma kwa saa kadhaa. Weka nchi inayoandika siku kabla ya mwezi, kama United Kingdom, na saa za Nairobi, za Dar ni hizo hizo.

Na hili la pili ndo letu wenyewe Waswahili. Meseji imeingia 09:12, hiyo imeandikwa na simu. Mfanyakazi amejibu saa 3 na dakika 40 asubuhi, anaandika nini kwenye safu B? Anaandika tarehe ya leo na 3:40! Shiti inatoa -5:32 wakati mteja alisubiri dakika 28. Hiyo ya kutoa hasi angalau inaonekana ukiangalia. Mbaya ni hii: meseji imeingia Jumatatu 16:00, kajibu kesho yake saa 3 asubuhi, kaandika tarehe sawa ila 3:00, shiti inasema kasubiri saa 11, na saa 11 inaonekana ya kawaida tu hakuna atakayeshtuka, kumbe mteja kasubiri saa 17. Saa 6 zimeyeyuka na hakuna alama yoyote. Kwa hiyo usiruhusu mtu kuandika saa kwa kichwa. Anayejibu asimame kwenye seli ya B abonyeze `Ctrl` + `Alt` + `Shift` + `;` muda unaingia wenyewe, na ile ya A anakili kama ilivyo kwenye meseji.

"Meseji ya zamani kuliko zote kila wiki ni mteja aliyesema 'Asante' au kidole gumba. Tufanyeje?"

Hiyo haihitaji jibu, isiingie kwenye safu A. Ila anayeamua hivyo awe anasoma mpaka mwisho, kuna "Asante, ila nyaya mlizoleta ni fupi".

"Kwenye inboksi yetu sioni ya zamani sana, ya mwisho kabisa chini ni ya juzi. Tuko salama?"

Sijui, na wewe pia hujui, kwa sababu unaangalia inboksi iliyopangwa kwa meseji ya mwisho. Mteja aliandika tarehe 2, hakujibiwa. Tarehe 6 akaandika "Mambo vipi, mmefikia wapi?" mazungumzo yakapanda juu. Tarehe 10 akaweka alama za kuuliza tatu, yakapanda tena. Kila akilalamika anaonekana mpya! Kadiri anavyokasirika ndivyo anavyozidi kuonekana kijana. Saa yake inaanza tarehe 2, meseji ya kwanza ambayo hakuna mtu aliyeijibu, na huko kukumbushia kwake hakuanzishi mstari mpya kwenye shiti.

Halafu usihesabu zile ambazo hazijafunguliwa ukadhani ndo ambazo hazijajibiwa. Mtu kafungua WhatsApp ya ofisi yuko kwenye daladala, kasoma swali la betri, akasema nikifika nitajibu, kile kiduara cha kijani kikatoweka na swali likatoweka nacho. Njia pekee ya uhakika ni kuuliza nani kaongea mwisho kwenye mazungumzo, kama ni mteja na anauliza kitu, inasubiri.

"Namba hizi zichukuliwe lini? Sisi tunachukua Ijumaa jioni."

Na kila mtu anajua ni Ijumaa jioni, kwa hiyo Ijumaa mchana mnafagia. Chukua Alhamisi saa 4 asubuhi, kila wiki saa hiyo hiyo, na uandike umri wa ya zamani kuliko zote palepale kwenye mstari wa wiki kama namba iliyogandishwa, si fomula, maana fomula kesho itasema kitu kingine. Mstari wenyewe una vitu vinne: zilizoingia wiki iliyoisha, ya katikati, ngapi zilisubiri zaidi ya saa 24, na ya zamani kuliko zote. Vinne basi. Ukiweka kumi na mbili hakuna atakayesoma, na ile ya siku 11 itajificha kati ya grafu.

"Mfumo gani mzuri wa kupima haya?"

Ule ambao utakuonyesha meseji ambazo hazijajibiwa, zikiwa zimepangwa ya zamani juu. Mengine ni rangi.

"Tuweke lengo la dakika ngapi kwa jibu la kwanza?"

Msiweke. Ukiweka dakika 15 utapata "Habari, tunafuatilia" ndani ya dakika 14, nimeshasema hapo juu. Weka lengo kwenye ile ya zamani: kwa mfano Alhamisi asubuhi isikutwe inayozidi siku 2, na ikikutwa, mtu mmoja anayejulikana kwa jina anaijibu kabla ya kugusa mpya yoyote. Iliyozidi hapo msiifunge kimyakimya ili namba ishuke, hiyo ni kumfuta mteja.

Na kama mnatumia WhatsApp kupitia API, si ile app ya kawaida ya simu, kuna mpaka ambao hamkuuweka nyie: zikipita saa 24 tangu mteja alipoandika mara ya mwisho, hamuwezi tena kumjibu kwa maneno yenu ya kawaida, mnaruhusiwa kutuma templeti tu, yaani ujumbe mliouandaa mapema na WhatsApp wakauidhinisha. Kwa hiyo kwenu ile namba ya waliosubiri zaidi ya saa 24 ni hesabu ya watu ambao mlango wa kuwajibu kawaida umeshafungwa, mpaka waandike wenyewe tena. Andaeni hiyo templeti leo, kuidhinishwa nako kuna foleni yake.