Maswali na Majibu: Anwani ya Bahasha, Anwani ya From, na Ipi Inayokaguliwa

Mwanachama wetu amepokea barua pepe yenye anwani ya chama, ikimtaka alipe kwenye akaunti nyingine. Sisi hatukuituma, na fundi alituhakikishia kwamba tuna SPF. Je, haikufanya kazi? (Mhasibu wa chama cha wakulima wa zabibu, Hombolo)

SPF, yaani orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa fulani, ilifanya kazi yake, ila kazi hiyo siyo mliyoitegemea. Kila barua pepe husafiri na anwani mbili za mtumaji. Ya kwanza ni anwani ya bahasha, ambayo seva inayotuma huitamka kwa seva pokezi kabla barua yenyewe haijaanza kusomwa, na ambako taarifa ya kushindwa kufika hurudishwa. Ya pili ni anwani ya From, iliyoandikwa ndani ya barua, ambayo ndiyo pekee anayoiona msomaji. Ni kama barua ya posta, ambapo anwani iliyo nyuma ya bahasha na ile iliyopigwa chapa juu ya karatasi ya ndani zinaweza kutofautiana bila posta kupinga lolote. Nikiweka `zabibu.example` mahali pa kikoa chenu, tapeli alizungumza na seva ya mwanachama wenu hivi, na hapa naonyesha upande wake tu:

```
MAIL FROM:<rudi@tapeli.example>
RCPT TO:<mwanachama@barua.example>
DATA
From: Chama cha Zabibu <malipo@zabibu.example>
Subject: Akaunti mpya ya malipo
```

SPF hutazama mstari wa kwanza. Seva pokezi huchukua kikoa kilicho baada ya alama ya @ katika `MAIL FROM`, huitafuta rekodi ya SPF ya kikoa hicho katika DNS, daftari la umma la majina ya mtandao, kisha huuliza kama namba ya IP iliyounganishwa nayo wakati huo imeruhusiwa humo. Tapeli alitumia kikoa chake mwenyewe, na katika kikoa hicho alikwisha kuiruhusu seva yake mwenyewe, kwa hiyo jibu likawa `pass`, tena kwa haki. Rekodi yenu, hata kama imeandikwa kwa ustadi wote, haikusomwa kabisa, kwa sababu kikoa chenu hakikutajwa kwenye bahasha.

Pengo hilo ndilo DMARC, rekodi nyingine ambayo mwenye kikoa huiweka katika DNS, iliyoletwa kuliziba. DMARC huanzia upande wa pili: husoma kikoa kilichomo katika From, hutafuta sera ya mwenye kikoa hicho, kisha huuliza kama kuna uthibitisho uliofaulu *na* ambao kikoa chake kinalingana na kile cha From. Uthibitisho huo unaweza kuwa SPF au sahihi ya DKIM, yaani sahihi ya kidijitali inayoambatishwa kwenye barua kwa jina la kikoa, na mmoja ukitosheleza masharti yote mawili, barua hupita. Katika barua ya tapeli SPF ilifaulu kwa `tapeli.example`, From inasema `zabibu.example`, na sahihi ya DKIM yenye kikoa chenu haipo, kwa hiyo DMARC ingeihesabu kuwa imeshindwa. Lakini msipokuwa na rekodi ya DMARC, seva pokezi haina sera yenu ya kufuata. Hilo ndilo la kumwomba fundi wenu wiki hii.

Hiyo anwani ya bahasha nitaionea wapi? Kwenye simu yangu siioni popote. (Msomaji, Kibaigwa)

Kwenye simu ni vigumu kuipata, kwa hiyo fungua barua hiyo kwenye kompyuta. Katika Gmail bonyeza vitone vitatu vilivyo upande wa juu wa barua, kisha `Show original`. Seva iliyokufikishia barua huinakili anwani ya bahasha kwenye mstari wa `Return-Path`, na matokeo ya ukaguzi huyaweka kwenye `Authentication-Results`. Humo, neno `smtp.mailfrom` ni bahasha na `header.from` ni From. Ukiona `Authentication-Results` zaidi ya moja, iamini ile iliyoandikwa na seva ya mtoa huduma wako mwenyewe, kwa maana mtu yeyote anaweza kutunga mstari kama huo kabla ya kutuma.

Usishtuke ukikuta `Return-Path: <>` isiyo na kitu ndani. Taarifa za barua zilizoshindwa kufika hutumwa na bahasha tupu kwa makusudi, ili zisije zikarudishiana majibu bila kikomo, na SPF katika hali hiyo hukagua jina ambalo seva inayotuma ilijitambulisha nalo.

Tunatuma taarifa za hisa kwa wanachama kupitia kampuni ya kutuma barua nyingi. Ukaguzi unaonyesha SPF `pass` lakini DMARC `fail`. Tumekwisha kuongeza `include` ya kampuni hiyo kwenye SPF yetu na hakuna kilichobadilika. Tumekosea wapi? (Afisa wa SACCOS, Dodoma mjini)

Kosa lenu naliona mara nyingi kuliko mengine yote ya aina hii, na linastahili kufuatiliwa hatua kwa hatua. Mistari mliyonitumia, nikibadilisha majina, inasema hivi:

```
spf=pass smtp.mailfrom=mail.watumaji.example
dkim=pass header.d=watumaji.example
dmarc=fail header.from=akiba.example
```

Kampuni inayowatumia barua inataka kujua ni anwani zipi zimekufa, kwa hiyo bahasha huandikwa kikoa chake yenyewe ili taarifa za kurudi ziifikie yenyewe. SPF basi inaulizwa kwa `mail.watumaji.example`, na inafaulu. Sahihi ya DKIM nayo imewekwa kwa jina la kampuni, nayo inafaulu. Kuna faulu mbili za kweli, lakini zote zinamthibitisha mtu mwingine, ilhali From inawataja ninyi. `include` mliyoiongeza, yaani ruhusa kwa seva za kampuni hiyo, imo katika rekodi ya `akiba.example`, rekodi ambayo hakuna seva inayoisoma kwa barua hizi, kwa kuwa kikoa chenu hakimo kwenye bahasha. Iondoeni, mradi tu hakuna barua nyingine inayopita kwa kampuni hiyo ikiwa na kikoa chenu kwenye bahasha. SPF hairuhusu vipengele vinavyohitaji kuulizia DNS kuzidi 10 katika ukaguzi mmoja, na rekodi inayovuka hapo huleta `permerror`, yaani kasoro inayoifanya SPF yenu isifae hata kwa barua za ofisini.

Tiba ni kuibadilisha bahasha. Kampuni nyingi za kazi hiyo hukuruhusu kutenga kikoa kidogo kwa ajili ya taarifa za kurudi, nanyi mnaweka kwenye DNS rekodi moja inayokielekeza kwao:

```
rudi.akiba.example.  CNAME  mail.watumaji.example.
```

Jina la upande wa kulia mtapewa na kampuni yenyewe. Kuanzia hapo bahasha itaandikwa `@rudi.akiba.example`. Seva pokezi itaulizia SPF ya jina hilo, CNAME itaipeleka kwenye rekodi ya kampuni, na SPF itafaulu kwa jina lililo ndani ya kikoa chenu. Taarifa za kurudi bado zitaifikia kampuni.

Mtauliza kama `rudi.akiba.example` na `akiba.example` zinahesabiwa kuwa sawa. Katika hali ya kawaida ya DMARC, ambayo ni ya kulegeza, zinalingana, kwa sababu zote ziko chini ya kikoa kikuu kimoja kilichosajiliwa. Mkiandika `aspf=s` katika rekodi yenu mnadai herufi zilingane kabisa, na barua hizi zitaanguka tena, kwa hiyo msiiandike. Kwa vikoa vyetu vya Tanzania, ulegevu huo haufiki hadi `.tz` wala `or.tz`: vyama viwili tofauti vilivyo chini ya `or.tz` havilingani hata kidogo, kwa kuwa kikoa kikuu huhesabiwa kuanzia jina lililosajiliwa chini yake.

Pamoja na hilo, iombeni kampuni iweke sahihi ya DKIM kwa jina lenu, ili mstari ule usomeke `header.d=akiba.example`. Kama mngeniruhusu kuchagua moja tu kati ya hizi mbili, ningechagua sahihi, na sababu iko katika swali linalofuata.

Barua kutoka wizarani huingia kwenye anwani ya shule, nayo huzipeleka zenyewe kwenye Gmail yangu. Huko zinaonyesha SPF imeshindwa. Je, ni za kughushi? (Mwalimu, Mpwapwa)

Kushindwa huko pekee hakuthibitishi kughushi. Seva ya shule inapoipitisha barua bila kugusa bahasha, kikoa cha bahasha hubaki cha mtumaji wa kwanza, lakini namba ya IP inayogonga mlango wa Gmail sasa ni ya shule, na mtumaji wa kwanza hakuiruhusu. Seva nyingine huiandika upya bahasha kwa kikoa chao ili SPF ifaulu, lakini kikoa hicho hakilingani na From, kwa hiyo DMARC haipati faida yoyote kwa SPF hiyo. Sahihi ya DKIM ndiyo inayovumilia safari kama hii, kwa kuwa imefungwa kwenye maudhui na baadhi ya vichwa vya barua bila kutegemea bahasha wala IP. Itavunjika endapo seva ya katikati itabadilisha maneno, kwa mfano kwa kuongeza tanbihi chini ya barua. Tazama basi mstari wa `dmarc`. Ukisomeka `pass` ilhali SPF imeshindwa, DKIM iliyolingana ndiyo iliyoibeba, na kikoa cha From ni cha kweli.

Nimepata barua yenye jina la mkurugenzi wetu, na DMARC imefaulu, lakini mkurugenzi anakana. (Karani, Singida)

Soma anwani yenyewe, siyo jina lililo mbele yake. DMARC hulinganisha kikoa tu, na haina habari na jina la mtu lililoandikwa kabla ya anwani. Mtu akifungua kikoa kinachofanana na chenu kwa herufi moja, akakiwekea SPF na DKIM sahihi, barua yake itafaulu kila ukaguzi kwa kikoa hicho.

Nikiweka DMARC, je, niandike `p=reject` siku hiyohiyo? (Fundi wa kompyuta, Kondoa)

Hapana, kwa sababu utazuia barua halali usizozijua bado. Anza hivi:

```
_dmarc.zabibu.example.  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@zabibu.example"
```

Sera ya `none` haiziombi seva pokezi zizuie chochote, lakini seva zinazotoa ripoti zitakutumia faili za XML, kwa kawaida mara moja kwa siku. Katika kila rekodi tafuta vitu vitatu: `source_ip`, `header_from`, na kikoa kilicho chini ya `spf`, ambacho ndicho kile cha bahasha. Pale `header_from` ni kikoa chako na kile cha bahasha ni cha mwingine, angalia kama DKIM imefaulu kwa kikoa chako. Kama haikufaulu, huyo ni ama tapeli, ama mtumaji wenu halali asiye na ulinganifu, kama ile kampuni ya SACCOS hapo juu. Mara nyingi utagundua mfumo wa mishahara au fomu ya tovuti uliyoisahau. Watengenezee ulinganifu wote walio halali, subiri hadi ripoti za mwezi mzima, pamoja na siku za mwisho wa mwezi ambapo ankara hutumwa, zionyeshe kwamba wanaoshindwa ni wageni tu na barua chache zilizopitishwa kwingine, ndipo uende `quarantine`, inayoomba barua zinazoshindwa zitengwe, kisha `reject`, inayoomba zikataliwe.