Daftari la makosa: msahihishaji aanze na lipi?

"Nina daftari la makosa yangu. Msahihishaji aanze na lile linalojirudia sana?"

Hapana, aanze na yale ambayo kompyuta haiyapigii mstari mwekundu, wingi ufuate baadaye. Nasahihisha ripoti za vikundi vya wavuvi hapa Kirumba, na r na l ndizo zinazotusumbua: "mahari pa kuanikia dagaa" hupita bila alama yoyote, maana mahari ni neno halali. Kwa hiyo usiandike tu "tahajia". Andika jozi yenyewe, mahari/mahali, kura/kula, aitafute kwa Ctrl+F kabla hajaanza kusoma. Ila daftari lina makosa uliyokwisha kuyanasa tu, bado asome yote. Tarakimu za kilo, mfano, mimi huzipitia mwisho nikiwa na risiti mkononi.