Tembe za minyoo na kichocho shuleni: majibu kwa wazazi wa Kisumu na Busia

Mwanangu wa Mamboleo alipewa tembe moja tu shuleni. Binamu yake wa Dunga, wa umri uleule, akapewa tatu. Walimu hukadiria tu? (Mama, Kisumu)

Hizo ni dawa mbili tofauti, mama. Tembe moja ni albendazo ya miligramu 400, ya minyoo ya tumbo. Mtoto wa shule huitafuna, na kipimo hakibadiliki awe mdogo au mkubwa. Zile mbili za ziada ni prazikwanteli, dawa ya kichocho, inayotolewa kwenye shule za maeneo yenye ugonjwa huo, kama za ukingoni mwa ziwa.

Prazikwanteli hufuata uzito, takriban miligramu 40 kwa kila kilo. Kwa kuwa mizani haiko kila shule, mwalimu hutumia mti wenye alama za kimo. Mtoto wa sentimita 130 hupewa tembe 2 za miligramu 600, wa 140 hupewa 2 na nusu, wa 155 hupewa 3. Kosa la kawaida ni mtoto kupimwa akiwa na viatu, au kuinuka kwa vidole ili aonekane mkubwa kuliko wenzake, na hapo anaweza kuruka alama. Mwambie mwanao avue viatu na akanyage chini sawasawa.

Sikuletewa fomu yoyote ya kusaini. Sasa nani alikubali? (Baba, Busia)

Kwenye dawa ya minyoo, kwa kawaida shule hutangaza siku kupitia wanafunzi, mikutano na wahudumu wa afya ya jamii, na mzazi asiyetaka ndiye anayesema. Ukikaa kimya huhesabiwa umekubali. Kwa hiyo ukikataa, usimtume mtoto na maneno mdomoni, maana asubuhi ile mwalimu ana mistari ya watoto na sikio moja. Andika karatasi fupi yenye jina, darasa na neno "asipewe", itie sahihi, na uipeleke kwa mwalimu wa darasa siku moja kabla. Huhitaji kueleza sababu. Mtoto mwenyewe akikataa, hatakiwi kushikwa akalazimishwa: tembe inayosukumwa kwa mtoto anayelia inaweza kumkaba koo.

Mwaka jana alirudi anatapika na kichwa kinamzunguka. Dawa ilikuwa mbovu? (Mama, Kisumu)

Uwezekano mkubwa ni kwamba aliimeza tumbo likiwa tupu. Prazikwanteli kwa mtoto mwenye njaa huleta kichefuchefu, na hata mwilini huingia vizuri zaidi ikikuta chakula. Chai ya rangi peke yake haitoshi. Mpe uji mzito, viazi vitamu au mkate, na umfungie kitu kidogo, kwa sababu zamu ya darasa lake huenda ikafika karibu na saa sita. Tena aimeze na maji mengi bila kutafuna. Ni chungu sana, na watoto wengi hutapika kwa ule uchungu hata kabla dawa haijafanya kazi.

Sababu ya pili ni kuwa mtoto mwenye minyoo mingi husumbuka zaidi, minyoo inapokufa. Maumivu ya tumbo, kichwa na kizunguzungu kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Midomo ikivimba, au akipumua kwa shida, usingoje kupambazuke: mkimbize hospitalini.

Ana kifafa na anatumia dawa kila siku. Apewe? (Mzazi, Busia)

Asipewe kwenye mstari wa shule. Mwandikie mwalimu, kisha umpeleke kituo cha afya pamoja na pakiti ya dawa zake. Baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, hupunguza nguvu ya prazikwanteli. Jambo zito zaidi ni tegu wa nguruwe: mabuu yake yakiwa yamejificha kwenye ubongo, dawa hizi zikiyapiga zinaweza kuamsha degedege. Mtoto mwenye homa siku hiyo naye asubiri apone kwanza.

Mkojo wake ni safi, hauna damu. Kichocho atakitoa wapi? (Baba, Dunga)

Damu kwenye mkojo ndiyo kichocho cha Pwani. Cha Ziwa Viktoria hukaa kwenye matumbo na ini, hivyo dalili ni kuumwa tumbo, kuhara, pengine damu kwenye choo, na wengi hawaonyeshi chochote kwa miaka. Wala tembe za mwaka jana hazimlindi mwaka huu. Prazikwanteli huua minyoo ya kichocho iliyokomaa, ile michanga hubaki, na akirudi kuogelea penye konokono wanaoeneza kichocho anaweza kuambukizwa upya jioni hiyohiyo.