Bernoulli: kwa nini 1/2 inageuka 2, na kwa nini y(4) haiko

«Mwalimu, bonjuri. Niko mwaka ya pili polyteknike hapa Goma. Mu intero walitupatia x y' + y = x² y² na y(1) = 1/2, kisha wakaomba y(4). Niliweka v = 1/y, nikapata v = Cx − x², nikaweka kondisyo, nikapata C = 3/2 na y(4) = −1/10. Asista akaandika mbaya fasi zote mbili. Nimerudilia hesabu mara tatu sioni kosa. Iko wapi?»

Bonjuri mdogo wangu. Kazi yako ya v iko muzuri kabisa, nimeiangalia mustari kwa mustari. Kosa ya kwanza iko fasi moja ndogo: ile 1/2 walikupatia ni ya y, si ya v, na wewe uliiweka mu v. Kosa ya pili haiko hata ya hesabu, ni ile x = 4 yenyewe, hata kama ungepata C ya kweli bado ile namba haingekuwa jibu, na pale njo nitakaa zaidi juu banafunzi bengi banaanguka pale.

Twende pole pole. Ekwasyo ya Bernoulli ni ile iko na y', iko na y ya kawaida, na upande ingine y yenye pwisansi n, na n haiko 0 wala 1, juu hizo mbili zingekuwa lineere tayari. (Usiichanganye na ile Bernoulli ya maji na presyo munafanya mu idroliki. Ile ni ya Daniel, ya 1738. Hii ni ya baba yake mukubwa Jakob, aliiuliza mu 1695, na Leibniz akaonyesha mu 1696 namna ya kuifanya lineere.) Yako, ukiigawanya kwa x, ni hivi:

```
y' + (1/x) y = x y²
```

Hapa n ni 2. Kinachosumbua ni y² peke yake, basi tunagawanya yote kwa y² ili upande wa kuume ibakie x tu, bila y:

```
y'/y² + (1/x)(1/y) = x
```

Sasa angalia. Iko 1/y pale, na pembeni yake iko y'/y². Ukiita v = 1/y, derive yake ni v' = −y'/y². Kwa hiyo ile y'/y² ni −v'. Hiyo alama ya kutoa inatokana na 1 − n, na kwetu 1 − 2 ni −1. Ukiweka mu ekwasyo unapata −v' + v/x = x, na ukizidisha pande zote kwa −1:

```
v' − v/x = −x
```

Hii ni lineere ya kawaida. Faktere integranti ni 1/x, unazidisha, upande wa kushoto inakuwa derive ya v/x, upande wa kuume inabakia −1, unaintegre, unapata v/x = C − x, na v = Cx − x². Hapo njo ulifika, na ulifika vizuri.

Sasa kondisyo. Walisema y(1) = 1/2. Kama v = 1/y, basi v(1) = 2. Ile kondisyo nayo inabadilishwa pamoja na ekwasyo, haibakie nyuma na y. Unaweka 2 = C − 1, C ni 3, na v = 3x − x². Unageuza:

```
y = 1/(3x − x²)
```

Ukipenda, rudia ku y kwanza na C bado ndani, y = 1/(Cx − x²), kisha weka x = 1 na y = 1/2, utapata C = 3 vilevile. Njia zote mbili ziko sawa. Mimi napenda kutafuta C nikiwa bado mu v juu hesabu ni fupi, lakini kama mutu ni wa kusahau kugeuza kondisyo, arudie ku y kwanza.

Angalia vile wewe mwenyewe ungejikamata. Chukua C yako ya 3/2, weka x = 1: y = 1/(1,5 − 1) = 2. Walikupatia 1/2, wewe unapata 2, namba imepinduka kichwa chini. Ukiona jibu ya mwanzo inatoka imepinduka hivyo, jua mara moja kondisyo haikugeuzwa. Inakamata sekunde tano.

Lakini ile kuangalia y(1) haitoshe, na hapa nataka usikie vizuri. Tuseme ulikuwa umesahau ile alama ya kutoa, ukaandika v' + v/x = x. Ni kosa naliona zaidi kuliko ingine yote ku makaratasi. Ungeisolve, ungepata v = x²/3 + C/x, ungeweka v(1) = 2, C ingekuwa 5/3, na ukiangalia y(1) unapata 1/2 kamili kamili, unafurahi, unapeana karatasi. Na jibu yote ni ya uongo! Juu gani? Juu C yenyewe tuliichagua ili ipite pale ku x = 1, basi itapita tu, hata kama ekwasyo nyuma yake imeharibika. C inafunika kosa.

Kwa hiyo angalia na pante. Ekwasyo ya mwanzo yenyewe inakuambia pante ku x = 1 bila kusolve kitu: y' = x y² − y/x, weka x = 1 na y = 1/2, unapata 1/4 − 1/2 = −1/4. Sasa derive jibu yetu: y' = −(3 − 2x)/(3x − x²)², ku x = 1 ni −1/4. Zinafanana. Ile jibu ya uongo ingekupatia v'(1) = 2/3 − 5/3 = −1, na kwa kuwa y' = −v'/v², inatoka +1/4. Ile ya kweli inashuka, ile ya uongo inapanda. Point inakamata kondisyo iliyosahaulika, pante inakamata alama iliyosahaulika. Fanya zote mbili.

Sasa y(4). Ukiweka 4 mu y = 1/(3x − x²) unapata 1/(12 − 16) = −1/4, kalkulatrisi inatoa namba bila kulalamika, na unaandika. Lakini fwata ile kurbe kutoka x = 1 na mukono wako. Inashuka mpaka x = 1,5, pale y ni karibu 0,444, kisha inaanza kupanda. Ku x = 2 imerudia 1/2. Ku 2,9 iko 3,45. Ku 2,99 iko 33. Ku 2,999 iko 333. Ku x = 3 haina kitu, imepanda bila mwisho, imetoka ku karatasi. Soluzyo iliyoanzia ku y(1) = 1/2 inaishia pale. Ile kipande ya kurbe unaona kisha 3, ile iko chini ya mustari wa x, inafuata ekwasyo ndiyo, lakini ni soluzyo ya mutu mwingine, haijaungana na ya kwako, na kondisyo yako haina uwezo juu yake. Kwa upande wa kushoto pia kuna mupaka, ku x = 0, juu tuligawanya kwa x. Basi jibu kamili ni formula pamoja na intervali 0 < x < 3, na kwa y(4) unaandika: soluzyo haifike pale. Ile swali waliiweka makusudi, na minaona ni swali nzuri.

Na jambo inayonifurahisha mu hii ekwasyo ni kwamba mupaka haionekane ku ekwasyo. Ukiangalia y' + y/x = x y² hakuna fasi 3 imeandikwa. Inatoka mu kondisyo. Ukianza na y(1) = b, unapata C = 1 + 1/b, na soluzyo inalipuka kule x inafika C. Ukianza na b = 1, inalipuka ku 2, mapema zaidi. Ukianza na b = −1/2, C ni −1, y = −1/(x² + x), na hiyo inaishi kwa x zote zenye kuzidi 0 bila kulipuka. Ukianza na b = −2, C ni 1/2, basi mupaka unahamia kushoto, intervali inakuwa x > 1/2. Ekwasyo moja, kila mwanzo na mupaka yake. Mu lineere ya kweli, y' + P y = Q, hii haitokei, kule mupaka zinatoka ku P na Q peke yake. v yetu, 3x − x², inapita ku x = 3 bila shida yoyote, inagusa sifuri na kuendelea. Ni kugeuza njo kunalipuka, juu 1 huwezi kuigawanya kwa 0. Basi kila mara ukimaliza v, tafuta fasi v ni sifuri, kisha angalia ni ipi iko karibu na x ya mwanzo upande huu na upande ule.

Na kama wangekupatia y(1) = 0? Hapo usiguse v, juu 1/0 haiko. Jibu ni y = 0 kwa x zote zenye kuzidi 0, weka mu ekwasyo utaona inakubali. Hakuna C hata moja ingekupatia hiyo, tuliipoteza siku tuligawanya kwa y². Iandike pembeni kabla ya kugawanya.

Kitu cha mwisho juu najua itakuja ku egzame: n = 3. Chukua y' = y − y³ na y(0) = −1/2. Hapa v = 1/y², ekwasyo inakuwa v' + 2v = 2, ile 2 inatokana na 1 − n iliyo −2, nayo inazidisha pande zote mbili. Kondisyo: v(0) = 4, si −4, juu ya kareé. Unapata v = 1 + 3e^(−2x). Sasa ukirudia ku y unapata mizizi mbili, ya kuongeza na ya kutoa, na kondisyo peke yake njo inachagua: y(0) ni ya chini ya sifuri, basi

```
y = −1/√(1 + 3e^(−2x))
```

Ukiandika alama zote mbili ± umeandika soluzyo mbili, na waliomba moja. Jaribu ile ya intero tena na y(1) = −2, chora kurbe na mukono kutoka 1/2 mpaka 4, kisha nitumie foto ya karatasi nione ule mupaka umeuweka wapi.