Kurasa 80 ziwe ukurasa mmoja

"Mwongozo wa mzio mkali una kurasa 80. Nifupishe kila sura ili utoshe ukurasa mmoja?"

Hapana, achana na sura. Chora mchoro wa mishale, ukianza na swali la daktari akiwa mbele ya mgonjwa: pumzi inabana au presha imeshuka ghafla? Ndiyo: ita msaada, mchome adrenalini msulini, paja upande wa nje. Kwa mtu mzima andika "mililita 0.5 ya adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita". Ukiandika miligramu peke yake, mtu ataanza kupiga hesabu huku mgonjwa anazidiwa. Mshale unaofuata: dakika 5 zimepita, hajapata nafuu? Rudia. Baada ya dozi mbili bado? Timu ya mahututi, adrenalini ya dripu.

Kuna aliyependekeza tuondoe vidonge vya mzio kabisa kwenye ukurasa huo; amepatia nusu. Vitoke juu, vibaki chini kwa ajili ya muwasho.

Kisha mpe mwenzako asiyeusoma mwongozo mgonjwa wa kubuni, utazame kidole chake kikifuata mishale. Kikikwama, mshale huo urekebishe. Dozi za watoto bado tunabishana kazini: mimi naziweka nyuma ya karatasi, wenzangu wanazitaka mbele.