Tangazo la kazi ya kucha: asilimia 40 ya nini?

Juzi mdogo wangu mmoja msomaji kanitumia tangazo, linasema hivi: anahitajika fundi kucha msaidizi, kazi ni usafi, kuondoa jeli na kusaidia mafundi, saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, malipo asilimia 40, mafunzo yatatolewa. Anauliza, dada niende?

Mimi nilianzia kwenye tangazo kama hilo hilo na bado linaniuma, kwa hiyo nisikilize.

Asilimia 40 ya nini? Mteja akilipa 100, kuna bosi anakupa 40 yako, na kuna anayekata kwanza 20 ya vifaa ndo anakupa asilimia 40 ya ile 80, unabaki na 32. Halafu wewe mpya seti nzima ya akriliki inakula masaa matatu wakati mzoefu anamaliza kwa nusu ya muda huo, wateja watapelekwa kwake tu. Ukipata wawili kwa siku ni 64 kwa masaa 12, na muda uliobaki unaondoa jeli za wateja wa wenzako, faili juu, pamba ya asetoni, foili, dakika 10 mpaka 15 kila mkono, kazi ambayo saluni nyingi hazikuhesabii kamisheni! Ndo maana msaidizi anatakiwa apewe mshahara wa kudumu hata kama ni mdogo, kamisheni ije juu yake.

Sasa hayo mafunzo. Kule kwangu mafunzo yalikuwa kuosha mabeseni na kusugua miguu, taa ya jeli sikuigusa. Aliyenifundisha ni fundi mmoja mkubwa, kwa huruma yake, jioni saluni ikishafungwa. Alinishika mkono akanionyesha ile ngozi nyembamba inayoganda juu ya kucha, unaisukuma, unaikwangua taratibu, unatoa mng'ao bila kulikwangua kucha lenyewe, ndo unapaka jeli nyembamba ukiacha upenyo mdogo sana kabla ya ngozi. Jeli ikigusa ngozi inabanduka mapema kuanzia nyuma, na jeli isiyokauka vizuri ikigusa ngozi mara kwa mara inaleta aleji, na aleji hiyo ikishaingia haitoki. Nimeona fundi mzuri sana kaacha kazi kwa vidole kuchubuka.

Kwa hiyo mdogo wangu usikubali neno mafunzo likae peke yake hivyo. Saluni inayofundisha kweli itakwambia unaanza na usafi wa vifaa na kuandaa kucha, unafanyia mazoezi kwenye tipsi, kisha kwa modo, kisha mteja anayelipa, na nani anakukagua.

Mjibu bosi leo leo, kwa meseji ili ibaki maandishi: asilimia inahesabiwa kabla au baada ya vifaa, kuondoa jeli kunalipwa vipi, kucha ikibanduka ndani ya wiki nani anabeba gharama ya kurudia, na siku za mafunzo zina malipo au hazina.